Nusu Dakika ya Kusimama: Mwili Unavyorudisha Presha, na Dawa Zinazouzuia

Tukizungumza habari za presha huwa tunazungumza juu ya kupanda kwake. Leo nataka kusema juu ya kushuka, tena si kule kushuka kwa wiki au mwezi ambako daktari hukutafuta kwa vidonge, bali kushuka kwa nusu dakika, pale mtu anapoinuka kitandani au anapojinyoosha baada ya kuinamia vitunguu shambani. Wengi wetu hapa tumeona mzee akishika ukuta, akasema macho yameingia giza, kisha akaendelea na safari yake. Wapo ambao hawakuendelea. Walianguka, wakavunjika nyonga, na tukasema ni uzee.

Tuanze na mtu mzima mwenye afya, aliyelala chali. Damu yake imetandazwa mwilini karibu sawasawa, kwa sababu kichwa, moyo na miguu viko usawa mmoja. Anaposimama, kati ya nusu lita na karibu robo tatu ya lita ya damu huteremka na kukaa katika vena za miguu na za tumbo. Haijatoka mwilini, lakini kwa muda huo haina faida kwa moyo, maana moyo husukuma kile tu kinachoufikia. Kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo hupungua kwa takriban theluthi moja. Juu ya hayo, ubongo sasa umepanda juu ya moyo kwa karibu sentimita 25 hadi 30, na kila sentimita ya kupanda hupunguza presha kwa kama robo tatu ya milimita ya zebaki. Kwa hiyo hata presha ya mkononi ikibaki 120, ile inayofika kichwani imepungua kwa 20 hivi kwa sababu ya kimo peke yake.

Ukimfunga mtu mashine inayopima presha pigo kwa pigo, utaiona ikiporomoka mara tu anapoinuka, ikifika chini kabisa kwenye sekunde ya 10 hivi, kisha ikipanda tena na kutulia kabla ya sekunde ya 30. Yeye mwenyewe huenda asihisi chochote. Katika sekunde hizo kazi kubwa imefanyika bila yeye kuombwa ruhusa, na jina la kazi hiyo kwa wataalamu ni refleksi ya vipokezi vya presha.

Vipokezi hivyo ni ncha za neva zilizojificha ndani ya kuta za ateri, katika sehemu mbili. Ya kwanza ni shingoni, chini kidogo ya pembe ya taya, pale ateri ya karotidi inapogawanyika. Ya pili ni kwenye upinde wa aota, ateri kuu inayotoka moyoni. Vipokezi havipimi presha yenyewe. Vinapima jinsi ukuta wa ateri unavyovutika. Ukuta ukivutika sana, neva hutuma ishara nyingi. Ukilegea, ishara hupungua. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukwama kila mwaka, kwa hiyo nitalirudia: presha inaposhuka, ubongo haupati kengele ya hatari. Unapata ukimya. Zile ishara zilizokuwa zikifika kwa wingi zimepungua, na upungufu huo ndio habari yenyewe.

Habari hiyo husafiri kwa neva ya tisa ya kichwa kutoka shingoni, na kwa neva ya kumi, yaani vagasi, kutoka kwenye aota, hadi shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo. Katika hali ya kawaida ishara nyingi kutoka kwenye ateri hulizuia kundi la seli ambalo kazi yake ni kuamrisha mishipa ikaze. Ukimya unapoingia, kizuizi huondoka, na seli zile hutoa amri zake kwa nguvu.

Amri hutoka kwa njia mbili, na kasi zake hazilingani. Njia ya kwanza ni kulegeza breki ya moyo. Neva ya vagasi muda wote huwa imeushika moyo ili usikimbie. Ikiachia, mapigo huongezeka ndani ya pigo moja au mawili. Njia ya pili ni ya neva za simpathetiki, ambazo huteremka kwa uti wa mgongo, hubadilishana zamu kwenye vituo vidogo kando ya uti huo, kisha hufika kwenye mishipa ya damu na kumwaga noradrenalini. Noradrenalini hushika vipokezi viitwavyo alfa kwenye misuli ya kuta za mishipa, na mishipa hukaza. Ateri ndogo zikikaza, damu haikimbilii chini ovyo. Vena zikikaza, ile damu iliyotuama tumboni na miguuni husukumwa kurudi moyoni. Neva hizo hizo hufika moyoni pia, kwenye vipokezi viitwavyo beta, na kuufanya udunde kwa haraka na kwa nguvu. Njia hii ya pili ina ucheleweshaji wa sekunde chache kabla ya kuanza kufanya kazi, na nguvu yake kamili hufika baada ya sekunde 10 hadi 20. Ndiyo maana presha hushuka kwanza: moyo umeshaanza kukimbia, lakini mishipa bado haijakaza.

Naomba mlikumbuke hilo la vena, kwa sababu ndilo linaloamua mengi. Mfereji wa hapa Rombo ukikauka kwenye chanzo, mkulima anaweza kufungua na kufunga milango ya shamba lake apendavyo, maji hayatakuja. Moyo uko hivyo hivyo. Ukikimbia bila damu kurudi kutoka chini, unakimbia bure.

Kuna anayetushinda sote kwa tatizo hili, naye mnamwona akipita kuelekea Amboseli na Tsavo. Presha ya twiga kwenye kimo cha moyo ni karibu mara mbili ya yetu, maana isipokuwa hivyo damu isingefika juu ya ile shingo. Mwaka 1966 Robert Van Citters na wenzake walichapisha vipimo vya twiga wa mwituni wa hapa Kenya, waliofungwa kipimo kilichotuma habari kwa redio huku wanyama wakitembea kwa uhuru. Twiga akiinama kunywa na kuinua kichwa, hupitia mabadiliko ambayo yangemwangusha mmoja wetu. Tumwache twiga aende zake, maana hanunui dawa kwenye kemisti.

Sasa tuje kwenye dawa. Watu hudhani dawa ikishusha presha sana ndiyo itakayokuangusha unaposimama, na ikishusha kidogo haitakuangusha. Sivyo. Kinachohesabika zaidi ni mahali dawa inapoikatia ile njia niliyowaeleza.

Mfano mzuri kabisa ni wa zamani. Mwaka 1948 William Paton na Eleni Zaimis walieleza utendaji wa dawa iitwayo heksamethoniamu. Dawa hii ilifunga vile vituo vidogo kando ya uti wa mgongo ambako neva hubadilishana zamu. Miaka ya 1950 ilitumiwa kwa wagonjwa ambao presha yao ilikuwa inawaua, na ilishusha kweli, lakini hasa mtu akiwa amesimama. Amri za ubongo hazikuweza kuvuka kwenda kwenye mishipa, kwa hiyo mgonjwa aliyesimama wima alizimia. Ilimfaa mgonjwa kulala huku kichwa cha kitanda kimeinuliwa ili dawa ifanye kazi hata usiku. Dawa hiyo imeachwa, ila somo lake limebaki.

Leo kinachokatwa zaidi ni mwisho wa njia, kwenye vipokezi vya alfa. Prazosini hufanya hivyo, na tangu miaka ya 1970 madaktari wanajua kwamba kidonge chake cha kwanza kinaweza kumzimisha mtu, ndiyo sababu huanzwa kwa kipimo kidogo sana, usiku, mgonjwa akiwa tayari kitandani. Tamsulosini, anayopewa mzee mwenye tezi dume, ni ya ukoo huo huo. Imechaguliwa ili ilenge zaidi misuli ya tezi na shingo ya kibofu, lakini haiiachi mishipa kabisa. Kisha zipo dawa ambazo hakuna anayezifikiria zinapotajwa presha. Amitriptilini, inayotolewa kwa huzuni, kwa usingizi na kwa maumivu ya neva, huziba vipokezi vya alfa. Klorpromazini, ya wagonjwa wa akili, huviziba pia. Kwenye karatasi ya mgonjwa haziandikwi kuwa dawa za presha, na kwenye mishipa yake zinafanya kazi ya dawa ya presha.

Atenololi na propranololi zenyewe huziba vipokezi vya beta vya moyo. Mishipa bado inakaza, kwa hiyo mara nyingi mtu husimama salama, lakini moyo hauwezi kuongeza mwendo inavyotakiwa. Akipungukiwa maji au damu, hana akiba. Metildopa, ambayo akina mama wengi wajawazito wameipata kliniki, hufanya kazi ndani ya ubongo na kupunguza amri zenyewe kabla hazijatoka. Haidroklorothiazidi na dawa nyingine za kukojoza maji haziikati njia mahali popote. Zinapunguza kiasi cha damu kilichopo. Refleksi ni nzima, ila haina cha kusukuma, na katika joto la huku chini, siku ya jua kali au ya kuhara, upungufu huo huonekana haraka.

Amlodipini ni tofauti, na ni vizuri tuitaje kwa sababu wengi mnaimeza. Inafungua ateri ndogo, lakini vena haizigusi sana, na njia ya neva inabaki nzima. Kwa hiyo miguu huvimba kwa baadhi ya watu, lakini kuanguka wakisimama si kawaida yake. Mwaka 2019 utafiti uitwao Kreoli, uliofanywa katika nchi sita za Afrika ikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi amlodipini ikiunganishwa ama na haidroklorothiazidi ama na perindoprili hushusha presha vizuri kuliko hizo mbili za mwisho zikiunganishwa bila amlodipini. Ni bahati nzuri kwetu kwamba dawa inayotufaa zaidi ni miongoni mwa zinazoiacha refleksi ikiwa nzima.

Tumchukue sasa mgonjwa wa mfano, niliyemtunga ili hesabu ieleweke. Ni mzee wa miaka 71, mkulima wa vitunguu hapa Rombo. Kwa presha anameza amlodipini miligramu 5 na haidroklorothiazidi miligramu 25, amekaa nazo miaka mingi bila shida. Mwaka jana alipata mkanda wa jeshi ubavuni. Malengelenge yakapona, maumivu yakabaki, akaandikiwa amitriptilini miligramu 25 kila usiku. Maumivu yakapungua. Miezi michache baadaye mkojo ukaanza kutoka kwa shida, alipoenda kumtembelea mwanawe Kitengela akapelekwa kwa daktari mwingine, akaambiwa ni tezi dume, akapewa tamsulosini. Wiki ya pili akaanguka usiku akienda chooni. Kesho yake presha yake ilipimwa akiwa ameketi, ikawa 138 kwa 82. Akaambiwa iko sawa.

Na iko sawa, kwa mtu aliyeketi. Kipimo kinachotakiwa ni kingine. Mlaze mzee kwa dakika 5, upime presha na mapigo. Msimamishe, uwe karibu naye umshike, upime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Tuseme amelala ana 146 kwa 84, mapigo 68. Baada ya dakika 1 akiwa wima ana 112 kwa 70, mapigo 90. Baada ya dakika 3, 116 kwa 72, mapigo 88. Namba ya juu imeshuka kwa 34. Mpaka uliokubaliwa na wataalamu ni kushuka kwa 20 au zaidi kwa namba ya juu, au 10 au zaidi kwa namba ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama. Mzee ameuvuka.

Watu wengi huishia hapo, nami nawaomba msiishie hapo, kwa sababu mapigo yanatuambia njia imekatika wapi. Mapigo yake yamepanda kwa 22 wakati presha imeshuka kwa 34. Gawanya 22 kwa 34, unapata karibu 0.65. Ikiwa jibu ni zaidi ya nusu, maana yake vipokezi vya shingoni vimeona, ubongo umeelewa, na moyo umetii. Kilichokataa kutii ni mishipa, au damu yenyewe ni pungufu. Lau mapigo yangepanda kwa 4 tu, jibu lingekuwa 0.12, na tungeshuku kwamba neva zenyewe zimeharibika, kama kisukari cha miaka mingi kinavyofanya. Hesabu hii haina maana kwa anayemeza atenololi, kwa kuwa moyo wake umefungwa mikono na dawa.

Kwa mzee wetu, basi, tunatafuta kilichoizuia mishipa kukaza, na tunakikuta mara mbili: amitriptilini na tamsulosini, zote kwenye vipokezi vya alfa, huku haidroklorothiazidi ikipunguza maji chini yake. Lakini angalieni mpangilio wa tarehe. Shida ya mkojo ilianza baada ya amitriptilini. Dawa hiyo, pamoja na kuziba alfa, hulegeza misuli ya kibofu, na kwa mzee ambaye tezi yake imekua kidogo hilo linatosha kuuzuia mkojo. Inawezekana kabisa kwamba tamsulosini iliandikwa kutibu ugonjwa ulioletwa na amitriptilini. Waandishi wa dawa ni watu wawili, katika miji miwili, na hakuna aliyeona karatasi ya mwenzake. Mimi simlaumu yeyote kati yao peke yake. Naulaumu utaratibu wetu wa kubeba dawa zilizotolewa pakiti, ndani ya bahasha ndogo isiyo na jina.

Atakayemtibu ataanza kwa kuipunguza amitriptilini taratibu, akiangalia kama maumivu ya mkanda yamekwisha. Haidroklorothiazidi itahakikishwa inamezwa asubuhi, si jioni, ili isimwamshe usiku. Baada ya wiki chache atampima tena akilala na akisimama. Mkojo ukiwa umerudi vizuri, atamjaribu siku kadhaa bila tamsulosini. Amlodipini haiguswi. Kosa la kawaida hapa ni kumwondolea mzee dawa za presha zilizokuwa hazina hatia na kumwachia zile mbili zilizomwangusha.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua baadhi yenu mtarudi nyumbani na kutupa vidonge. Presha iliyoachwa juu kwa miaka huzikakamaza ateri, na ukuta uliokakamaa hauvutiki, kwa hiyo vipokezi huona kidogo. Isitoshe, ndani ya siku moja au mbili za presha ya juu vipokezi hujizoeza na kuichukulia ile ya juu kuwa ndiyo ya kawaida. Majaribio makubwa yaliyounganishwa yameonyesha kwamba watu waliotibiwa presha kwa ukamilifu walishuka wanaposimama mara chache kidogo kuliko waliotibiwa kwa ulegevu, si mara nyingi zaidi. Na atenololi ikiachwa ghafla inaweza kuuamsha moyo kwa namna ya hatari. Dawa hubadilishwa na aliyeiandika, baada ya kuona orodha nzima.

Wakati huo huo mzee ana la kufanya. Aketi ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili, akikunja na kukunjua vifundo vya miguu, ndipo asimame. Awe na chombo cha kukojolea chumbani, na akojoe akiwa ameketi. Akihisi giza linaingia machoni akiwa wima, apishanishe miguu na kukaza mapaja na matako kwa nguvu. Misuli inayokaza hukamua vena na kurudisha damu juu, na nafuu huja ndani ya sekunde chache. Ikishindikana, akae chini papo hapo, hata kama ni katikati ya njia na watu wanamtazama. Asubuhi, nusu lita ya maji iliyonywewa kwa mkupuo kabla ya kutoka husaidia wengi kwa saa moja hivi, isipokuwa kwa mwenye moyo au figo dhaifu aliyeambiwa apunguze maji. Pombe hulegeza mishipa, na chakula kingi huivuta damu tumboni. Mkusanyiko wa vyote viwili, juani, ukifuatwa na kuinuka ghafla, umewaangusha hata vijana wasiomeza kidonge chochote.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wetu wa afya wa jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupima presha, na wanapita nyumba kwa nyumba. Nawaomba wale walioko humu ndani leo: kwa kila mzee anayemeza dawa zaidi ya tatu, au aliyewahi kuanguka, msitosheke na kipimo cha kiti. Mlazeni, mpimeni, msimamisheni, mpimeni tena kwa dakika 1 na dakika 3, andikeni na mapigo. Kisha mwambieni alete dawa zake zote mezani, za hospitali, za kemisti na za kutoka kwa mwanawe mjini, na karatasi ya namba hizo iende pamoja na dawa hizo kwa daktari mmoja.